Supavaiza kaniandikia "kwa nini FFQ na sio rikoli ya masaa 24?" Wa lishe naombeni msaada kwenye methodolojia

Binti_wa_Mboga (mtoa mada)

Habari za muda huu wakuu. Niko mwaka wa mwisho, nasoma lishe, nimekwama chapta ya tatu hadi nasikia kichwa kinauma. Utafiti wangu ni vitamini A kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 kwenye vijiji viwili wilaya ya Kilosa, sampo ni 180. Lengo la kwanza nataka kujua ni asilimia ngapi hawapati vitamini A ya kutosha kwenye chakula, lengo la pili kuona kama wanaolima viazi lishe wanapata vitamini A zaidi ya wasiolima.

Kwenye propozo niliandika (natafsiri maana ripoti ni ya Kizungu): "Nitatumia FFQ, yaani dodoso linalouliza kila chakula mtu hukila mara ngapi, yenye vyakula 42, mwezi mmoja uliopita, kwa sababu ni rahisi, haichukui muda, na inaonyesha ulaji wa kawaida tofauti na rikoli ya masaa 24, yaani kumuuliza mtu kila alichokula jana, inayoonyesha siku moja tu. Mwanamke atakayekuwa chini ya maikrogramu 700 kwa siku atahesabika hana ulaji wa kutosha."

Sa supavaiza kapiga mstari mwekundu paragrafu yote kaandika "kwa nini FFQ na sio rikoli ya masaa 24? Linganisha, tetea chaguo lako". Mi nilidhani nimeshatetea. Naanza fildi wiki tatu zijazo. Kuna mtu anaweza kunieleza nikosoe wapi?

NesiWaWilaya

Mdogo wangu usibabaike, uko sahihi kabisa. Rikoli ya siku moja haina maana yoyote, unamkuta mtu jana alikuwa msibani kala pilau na nyama, utasema huyo anakula nyama kila siku? FFQ inakupa mazoea ya mtu. Mwambie supavaiza siku moja haiwakilishi, basi, funga mjadala. Sisi kituoni tunawauliza tu "kwa wiki unakula mboga mara ngapi" na tunaelewana vizuri.

Chapati_Mbili

Samahanini naingilia, mi sio wa lishe ila mada imenigusa. Nina kisukari, kila nikienda kliniki naulizwa "jana ulikula nini", na mimi kwa kuwa najua siku ya kliniki basi jana yake nakula kama mgonjwa wa mfano, ugali kidogo, mboga nyingi, soda sigusi. Siku zingine tunajuana wenyewe hahaha. Sasa hapo nitumie hiyo FFQ au hiyo nyingine ili sukari ishuke?

Mzee_wa_Takwimu

@Chapati_Mbili hizo zote ni njia za kumuuliza mtu alikula nini, hazishushi sukari mkuu, hilo ongea na daktari wako. Ila umesema jambo kubwa kuliko unavyodhani, nitalirudia chini.

@Binti_wa_Mboga, Nesi yuko sahihi nusu. Ni kweli siku moja haikuambii mazoea ya mtu mmoja. Ila we hujaulizwa mazoea ya mtu mmoja, umeahidi ASILIMIA ya wanawake walio chini ya kiwango. Ukishaandika neno asilimia chini ya kiwango unahitaji maikrogramu zenyewe ziwe karibu na ukweli, na hapo ndo FFQ ina udhaifu wake mkubwa. FFQ inajua kupanga watu foleni, nani anakula nyingi nani kidogo, lakini namba inayotoa huwa haiaminiki, mara ipande sana mara ishuke, inategemea orodha uliyotengeneza.

Nikupe mfano uone. Kwenye hizo 42 zako nina uhakika una mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mlenda, kila moja mstari wake. Sawa?

Binti_wa_Mboga

Ndio, na mnafu na figiri pia. Mboga za majani peke yake ziko saba.

Mzee_wa_Takwimu

Haya. Mama anakaa, unamuuliza mchicha, anasema mara 4 kwa wiki. Matembele mara 4. Majani ya maboga mara 3. Kisamvu mara 2. Mlenda mara 3. Mnafu 1, figiri 1. Jumlisha, mara 18 kwa wiki. Sasa muulize swali moja tu, "mama, kwa wiki mboga za majani kwa ujumla unakula mara ngapi?" Atakwambia kila siku mchana, na usiku mara nyingine, tuseme mara 9. Huyo mama hajadanganya popote, kila mboga ameikadiria juu kidogo na wewe umejumlisha makadirio saba. Vitamini A yake ya mboga imekuwa mara mbili ya ilivyo. Na kwa vile huko Kilosa mboga za majani ndo zinabeba sehemu kubwa ya vitamini A, asilimia yako yote imeharibika, utaripoti wanawake karibu wote wako vizuri.

Wanaotumia FFQ kwa uangalifu huweka hilo swali la jumla kisha wanarekebisha, hapo 9 gawa kwa 18 ni 0.5, kila mboga unaizidisha kwa 0.5. Inasaidia, ila haiponyi yote maana bado hujajua kipimo. "Mara moja" ya mchicha ni kiasi gani? Kijiko kimoja kikubwa pembeni ya ugali au bakuli?

Usichukue hii kama FFQ huwa inazidisha tu. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003, unaitwa OPEN, walipima nishati inayotumika mwilini kwa maji maalum yenye alama, hiyo haitegemei mtu kukumbuka chochote. Wanawake walipunguza nishati kwa takriban asilimia 16 hadi 20 kwenye rikoli, na asilimia 34 hadi 38 kwenye FFQ. Orodha yao na watu wao sio wa Kilosa kwa hiyo hizo namba usizihamishe, ila ujue zote mbili zinakosea na FFQ ilikosea zaidi.

Binti_wa_Mboga

Aisee. Kwa hiyo nibadili, niende na rikoli kwa wote 180 siku moja moja, niachane na FFQ?

Mzee_wa_Takwimu

Ngoja, hapo ndo wengi wanaruka kutoka shimo hili na kuingia lile. Rikoli ya siku moja kwa watu 180 itakupa WASTANI mzuri wa kundi, mradi siku za wiki zigawanyike vizuri. Wa leo kala sana wa kesho kala kidogo, vinafidiana. Kwa lengo lako la pili, kulinganisha wanaolima viazi lishe na wasiolima, siku moja inaweza kutosha.

Lakini lengo la kwanza linakwama, na nitakuonyesha kwa hesabu za kubuni, sio data ya mtu. Chukua kijiji ambacho wastani wa kila siku ni 650. Mama na mama wanatofautiana kwa mkengeuko wa 150, huo ndo utofauti wa kweli wa mazoea. Lakini mama yuleyule leo na kesho anatofautiana kwa 400, kwa sababu vitamini A ina tabia hiyo, siku ya maini au viazi lishe inaruka juu, siku ya ugali na dagaa inaanguka.

```
mkengeuko wa mazoea        = 150
mkengeuko wa rikoli siku 1 = sqrt(150^2 + 400^2) = 427
z ya kweli  = (500 - 650)/150 = -1.00
z ya siku 1 = (500 - 650)/427 = -0.35
```

Kiwango nimeweka 500, kwa nini sio 700 yako nitaeleza chini, na z ni umbali wa kiwango kutoka wastani ukigawa kwa mkengeuko. Ukweli ni kwamba asilimia 16 wako chini. Rikoli ya siku moja itakwambia asilimia 36. Zaidi ya mara mbili, na hakuna mama hata mmoja aliyekosea kukumbuka! Wastani bado ni 650 uleule. Kilichoharibika ni upana. Alafu geuza, kijiji kingine wastani uwe 350, ukweli ni asilimia 84 wako chini, rikoli ya siku moja itasema 64. Yaani penye nafuu inatia chumvi, penye shida inaficha.

(Nimechukulia data imekaa kama kengele, vitamini A haikai hivo, ina mkia mrefu kulia, ila wazo ni lilelile.)

Nyar_Kisumu

Salamu kutoka Kisumu. Mimi nilifanya masters hapa Kenya na hiyo hesabu ilinitoa jasho. @Mzee_wa_Takwimu si basi afanye siku mbili kwa kila mtu achukue avareji?

Mzee_wa_Takwimu

Siku mbili zinasaidia kidogo kuliko watu wanavyotegemea. Kwa mfano uleule mkengeuko unashuka kutoka 427 hadi 320, asilimia inakuwa 32. Bado mbali na 16. Ukitaka kumjua mtu mmoja mmoja kwa kurudia siku tu utazeeka, kuna utafiti wa Marekani wa 1987, watu 29 waliandika kila walichokula mwaka mzima, nishati ilihitaji kama mwezi ili kupata wastani wa mtu binafsi kwa uhakika, vitamini A ilipita mwaka!

Ujanja sio kurudia siku nyingi. Rikoli moja kwa wote, kisha urudie siku ya pili kwa baadhi, siku isiyofuatana na ya kwanza. Wale waliorudiwa wanakuonyesha mama yuleyule anayumba kiasi gani, ukishajua hilo unaubana mtawanyiko wa kundi zima. Kwa mfano wetu 150 gawa kwa 427 ni 0.35. Mama ambaye siku hiyo alikula 1500, yuko 850 juu ya wastani, unambakizia 850 mara 0.35, kama 300, mazoea yake unayakadiria 950 sio 1500. Softwea kama PC-SIDE au SPADE zinafanya hivo kwa ustadi zaidi na zinashughulikia ule mkia mrefu.

Na hiyo 700 yako ifute leo. 700 ni kiwango kinachopendekezwa ili karibu kila mtu atoshelezwe, kimewekwa juu makusudi. Asilimia ya walio chini inapimwa kwa wastani wa mahitaji, kwa viwango vya Marekani ni 500 kwa mwanamke mzima asiye mjamzito wala asiyenyonyesha. Anayenyonyesha ni 900. Kwenye hao 180 kijijini wangapi wananyonyesha? Usiwachanganye.

Binti_wa_Mboga

Nimetoa macho. Hiyo 700 nimeikuta kwenye tasnifu tatu za waliotutangulia!! Wanaonyonyesha sikuwatenga kabisa, watakuwa wengi tu. Nitawauliza wote na kila mmoja apimwe kwa kiwango chake.

Swali, hao wa kurudia wawe wangapi? Hela yangu ni ya boom, enumereta niliyemudu ni mmoja.

Enumereta_Mstaafu

Naomba niingie hapa maana wasomi mnaongea namba tu, mi nimebeba mizani vijijini miaka. Dada, kitakachokuua sio siku ya pili, ni SUFURIA.

Rikoli sio kuuliza "jana ulikula nini" ukaandika ukaondoka. Kwanza mama anataja mwenyewe mfululizo toka alipoamka jana hadi alipoamka leo, usimkatize. Mzunguko wa pili unarudi kwenye kila kitu, saa ngapi, wapi, kimepikwaje, na hapo ndo vinatoka vilivyosahauliwa, andazi la njiani, embe alilookota akitoka shamba, chai ya jirani, muwa, alichoonja jikoni. Wa tatu ndo kiasi. Wa nne unamsomea yote tena anarekebisha. Ukiruka wa pili unapoteza matunda, na matunda nayo yanabeba vitamini A yako.

Sasa kiasi. Mfano maharage. Anasema alipika nusu kilo ya maharage, mafuta ya shilingi kadhaa, unamwambia akuonyeshe kwenye chupa kwa maji, unapima, unakuta gramu 60. Sufuria ilijaa hadi wapi? Anakuonyesha, unajaza maji unapima, tuseme chakula kilichoiva ni gramu 2000. Yeye alikula pawa mbili, unampa maji au mchanga apakue kama alivyopakua, inakuja 300. Kwa hiyo kala asilimia 15 ya sufuria, mafuta yake ni gramu 9, maharage makavu gramu 75. Hiyo ni mboga moja ya mlo mmoja. Rikoli yenye mapishi mawili matatu inakula dakika 45 hadi saa nzima, kwa enumereta mmoja ni mama watano kwa siku wakizidi sana sita. Hesabu mwenyewe 180 ni siku ngapi.

Na sinia. Mama kala na watoto wanne sahani moja, alikula kiasi gani? Hapo hakuna njia safi. Sisi tulikuwa tunamwomba aoneshe matonge yake na tonge moja tunalipima, kuna timu nyingine walikuwa wanagawa kwa idadi ya walaji, mi hiyo siipendi kabisa, mama ndo anakula mwisho na kidogo.

NesiWaWilaya

Sasa si ndo hapo, yote hayo kwa ajili ya siku moja! FFQ dakika 20 umemaliza. Na FFQ haiulizi sufuria.

Mzee_wa_Takwimu

@NesiWaWilaya haiulizi, lakini sufuria ipo dada. FFQ imeihifadhi tu mahali usipopaona, kwenye "kipimo cha kawaida" ambacho mtafiti alikibuni mezani. Na angalia mafuta. Tanzania kanuni za kurutubisha chakula za 2011 zinataka mafuta ya kula yawekwe vitamini A, ila alizeti inayokamuliwa kijijini na kuuzwa kwenye chupa ya maji haina. Mama wawili wana "mboga za majani mara 7 kwa wiki" sawasawa, mmoja anatumia mafuta ya kiwandani mwingine ya kukamua, tofauti yao FFQ ya vyakula 42 haiioni kabisa. Kwenye rikoli unauliza mafuta gani na unaandika.

@Binti_wa_Mboga wa kurudia, mara nyingi utasikia 30 hadi 40 kwa kila kundi unaloripoti. Vitamini A inayumba sana kwa hiyo mi ningependa zaidi, ila kwa hela ya boom lenga 40 wanaolima viazi na 40 wasiolima. Ukishindwa punguza sampo ya kwanza, 180 nayo uliipata kwa fomula gani? Au punguza malengo. Bora namba moja inayosimama.

Mpishi_wa_Namba

Kwa nini asitumie MDD-W tu, kile kipimo cha aina za vyakula anazokula mwanamke? Makundi 10 ya vyakula, mama akila 5 na kuendelea jana amefaulu, dakika 10, FAO wenyewe wameitengenezea mwongozo 2016 na wakauboresha 2021. Hakuna sufuria, hakuna mizani. Watu mnapenda mateso.

Mzee_wa_Takwimu

Kipimo kizuri na kingemfaa kama swali lake lingekuwa aina mbalimbali za vyakula. Ila kinasema juu ya kundi la virutubishi kadhaa kwa pamoja, hakisemi asilimia ya waliokosa vitamini A. Mama anaweza kufika 5 bila embe wala maini, na mwingine akakwama 4 huku ana viazi lishe kila siku. Na kile nacho ni cha kundi, sio cha kumhukumu mama mmoja.

Binti_wa_Mboga

Nimeongea na supavaiza mchana. Anasema basi nifanye vyote, FFQ na rikoli, niithibitishe FFQ kwa rikoli kisha niitumie FFQ kwenye matokeo. Nikitoka hapo nikawa nimechanganyikiwa zaidi.

Nyar_Kisumu

Hiyo ndo mimi nilifanya! Nilipata koefishenti ya uhusiano ya 0.58 kati ya FFQ na rikoli, supavaiza akafurahi, nikaandika FFQ ni halali. Sisi tunatumia jedwali la vyakula la Kenya la 2018, lina mapishi yetu mengi na virutubishi vyake, lilinisaidia sana.

Mzee_wa_Takwimu

@Nyar_Kisumu bila kukuvunja moyo, 0.58 inasema foleni inafanana. Kama FFQ ingempa kila mama mara mbili kamili ya rikoli, koefishenti ingekuwa 1.00 na kila namba ingekuwa ya uongo. Kwa kuangalia namba zinakubaliana unachora mchoro wa Bland-Altman, tofauti ya FFQ na rikoli upande mmoja, wastani wa hizo mbili upande mwingine, uone FFQ inazidi kwa kiasi gani na kama inazidi zaidi kwa wanaokula sana. Kwa vitamini A chora kwenye logi.

Kuna kingine, na hapa narudi kwa @Chapati_Mbili. Yule anayeficha soda kwenye rikoli ataficha na kwenye FFQ. Mama aliyefundishwa kliniki kwamba mboga ni muhimu ataongeza mboga kwenye zote mbili. Na umetumia jedwali lilelile la chakula kwa zote mbili, kosa la jedwali limeingia kote. Kwa hiyo sehemu ya kufanana kwao ni makosa yanayofanana. Sio kwamba uthibitishaji wa namna hiyo haufai, ndo unaofanyika sana, hata FFQ ya watu wazima Dar es Salaam iliyochapishwa 2018 ililinganishwa na rikoli, ila huwezi kusema rikoli ndo ukweli. Upande wa pili, rikoli ya siku moja ikiyumba inashusha koefishenti, kwa hiyo 0.58 yako huenda ingepanda ukiirekebisha kwa kuyumba huko. Makosa mawili yanavuta pande tofauti, mi siwezi kukwambia lipi limeshinda kwako.

Nyar_Kisumu

Uii, sawa. Lakini mpangilio je? Mimi nilianza na FFQ kisha rikoli, nikifikiri rikoli ikianza itawakumbusha vyakula wajibu FFQ vizuri kuliko kawaida.

Enumereta_Mstaafu

Sisi tulifanya kinyume, rikoli kwanza, FFQ mwisho, kwa sababu FFQ inauliza mwezi uliopita, ukianza nayo basi rikoli zote zinaangukia NJE ya huo mwezi, unalinganisha mwezi wa kumi na siku za mwezi wa kumi na moja. Huku maembe yakianza ni dunia nyingine.

Nyar_Kisumu

Kwetu msimu haukubadilika hivyo, nasimama na yangu hehe.

Mzee_wa_Takwimu

Mnavutana kwa haki, kila mpangilio una gharama yake. Nilichoona ni waandishi kuchagua na kusema sababu, wengine wanaweka FFQ mbili, mwanzo na mwisho, kwa wenye hela.

Ila @Binti_wa_Mboga wewe usithibitishe FFQ. Huo ni utafiti mwingine mzima, na ukimaliza bado lengo lako la asilimia halijajibiwa. Ukitaka kumridhisha mzee wako, chukua kijisehemu cha FFQ, vyakula vichache tu vyenye vitamini A nyingi ambavyo haviliwi kila siku, maini, viazi lishe, embe, papai, karoti, mawese kama yapo, mayai. "Mwezi uliopita mara ngapi", bila kipimo. Mama ambaye siku zote mbili hakula maini utajua kama ni mtu asiyekula maini au imekosewa siku tu. Kuna softwea zinaweza kuingiza taarifa hiyo kwenye kukadiria mazoea. Hapo FFQ inafanya inachokijua.

Andika hivi, utarekebisha mwenyewe: "Rikoli ya masaa 24 ya mizunguko minne itafanyika kwa wanawake wote, siku zote saba zikiwakilishwa, na kurudiwa siku isiyofuatana kwa wanawake 40 katika kila kundi ili kukadiria tofauti ya siku hadi siku na kurekebisha mtawanyiko. FFQ kamili haikuchaguliwa kwa kuwa lengo linahitaji kiasi cha vitamini A na si mpangilio wa wanawake tu, na kwa kuwa hakuna FFQ iliyothibitishwa kwa wanawake wa eneo hili. Orodha fupi ya vyakula saba itatumika kunasa vyakula visivyoliwa kila siku. Njia zote mbili zinategemea kumbukumbu, na matokeo yanahusu msimu wa ukusanyaji tu." Kuhusu ile sentensi ya FFQ iliyothibitishwa, hakikisha kwanza kabla hujaiandika. Linganisho analotaka supavaiza ndo hilo, sio jedwali la faida na hasara.

Binti_wa_Mboga

Mkuu sina cha kukulipa. Vitu viwili tu. Siku ya gulio ni Jumatano, niikwepe? Na jedwali nitumie la Tanzania la 2008 au la Kenya la 2018?

Enumereta_Mstaafu

Usiikwepe, ukiikwepa umeondoa siku wanayonunua samaki na matunda. Igawe tu kama siku nyingine, ila kumbuka ukihoji Alhamisi ndo unapata mlo wa Jumatano. Watu wanasahau wanaandika siku ya mahojiano.

Alafu mimi ningewatembelea siku mbili kabla na kuwaachia bakuli na karatasi ya picha watie alama kila wakila, kumbukumbu inakuwa nzuri mno.

Chapati_Mbili

Wakijua unakuja watapika vizuri, niulizeni mimi.

Enumereta_Mstaafu

Wapo wanaofanya hivo kaka, nakiri kuku wa ghafla nimewaona. Ila usipowaachia bakuli kiasi kinakuwa cha kubahatisha. Mi nachagua bakuli.

Mzee_wa_Takwimu

Mi ningeacha bakuli na nisitaje siku kamili, ila najua kijijini habari inatangulia pikipiki, kwa hiyo lenu naliacha wazi.

Jedwali, anza na la Tanzania la 2008, ni la MUHAS, TFNC na Harvard, vya kwako vingi vimo. Kisichokuwepo chukua la Kenya na uandike umekitoa wapi. Kabla hujachanganya angalia kipimo cha vitamini A, kama ni RAE au RE. Kwenye RE maikrogramu 6 za beta-karotini ni moja, kwenye RAE ni 12, maana yake mchicha uleule utaonekana una vitamini A mara mbili ukichukua safu isiyo sahihi. Na 500 na 900 nilizokupa ni za RAE.

Binti_wa_Mboga

Nimefungua safu sasa hivi, kwenye eksel yangu nilikuwa nimechanganya zote mbili. Naanza kuisafisha usiku huu, nikikwama kwenye SPADE narudi kwenye uzi huu huu.

NesiWaWilaya

Ukirudi utuletee na asilimia, mi bado nadhani kwa kituoni FFQ inatosha.

Mzee_wa_Takwimu

Kwa kituoni, kujua mama yupi apewe ushauri kwanza, sikubishii dada.